Maji ya Bububu na Wafu wa Ngome ya Mombasa

Kila mwaka, katika wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, huwauliza wanafunzi wangu swali ambalo wao huliona jepesi: nani aliyewatoa Wareno Mombasa? Mikono hunyanyuka. Jibu huwa moja, nalo si la uongo: Imamu Seif bin Sultan wa Oman na jeshi lake, mwezi wa Disemba 1698. Hapo huwataka waniambie ni Wareno wangapi waliouawa kwa risasi na mapanga siku ile Waarabu walipoingia ngomeni. Darasa hunyamaza. Mwaka huu kijana mmoja kutoka Pemba alinijibu kwa kujiamini, "Mamia, Mwalimu." Nikamwambia kwamba ndani ya ngome siku ile hamkuwa na mamia ya kuuawa. Waliobaki hai hawakuzidi kumi na wachache.

Nimeahidi kwa muda mrefu kuandika jambo hili kwa urefu kuliko ninavyoweza kulisema darasani, na nakiri kwamba lina sababu yangu ya binafsi, ambayo nitaifikia. Naandika nikiwa nyumbani Bububu, maili saba kaskazini ya mji. Wapo wasemao kwamba jina la mahali hapa limetokana na sauti ya maji yanayobubujika kutoka ardhini. Sina ugomvi na maelezo hayo. Msomaji ayaweke maji hayo akilini, maana tutayarudia.

Mazingiwa ya Ngome ya Yesu yalianza mwezi wa Machi 1696 na yakadumu miezi thelathini na mitatu. Jengo lenyewe lilikuwa limekwisha kusimama miaka mia moja, limejengwa juu ya jabali la matumbawe kando ya bahari, na kuta zake ni nene kiasi cha kwamba mizinga ya zama zile haikuweza kuzivunja kwa urahisi. Ndani yake walijifungia askari wa Kireno wasiofika mia, pamoja na mamia ya Waswahili waliokuwa upande wao, wakiwemo wanawake na watoto. Huu ndio mwanzo wa msiba. Ngome iliyochorwa kwa ajili ya kikosi kidogo ikageuka kuwa mtaa mzima usio na njia ya kutokea. Maji yao yalikuwa ya mvua iliyokusanywa birikani na ya kisima. Chakula kilikuwa nafaka ya ghalani, na palipo na ghala la nafaka pana panya.

Mwishoni mwa 1696 ikafika merikebu ya msaada kutoka Goa, ikateremsha watu na vyakula. Mtu angetegemea kwamba hapo mambo yangetengenea. Kumbe wale wageni waliingia mahali ambapo maradhi yalikuwa yakiwasubiri, na katika miezi ya mwanzo ya 1697 walianza kufa kwa mafungu. Waandishi wa Kireno waliyaita maradhi hayo tauni, lakini neno hilo katika maandishi ya karne ile lilikuwa kapu lililotiwa kila homa iuayo watu wengi kwa pamoja. Mtu aliyekaa mwaka mzima akila nafaka kavu bila ya mboga mbichi wala matunda huwa hana nguvu ya kupambana na homa yoyote, iwe ya panya, ya chawa au ya maji. Sioni haja ya kuchagua moja. Ngome iliyozingirwa huyakaribisha yote kwa pamoja.

Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kamanda António Mogo de Melo alikwisha kufariki, na pamoja naye Wareno wote waliokuwamo. Bendera ya mfalme wa Ureno ikawa inalindwa na mtu wa Faza, Bwana Daud, akiwa na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake hamsini. Kwa muda wa wiki kadhaa watu hawa ndio waliosimama ukutani mbele ya jeshi la Imamu, mpaka msaada mwingine ulipofika Septemba. Nimewahi kusimama juu ya ukuta ule ukielekea bahari na kuwafikiria wale wanawake hamsini. Vitabu vyetu vya skuli haviwataji. Hawakuandikwa majina, na sijui nani leo, Mombasa au Faza, anayejua kwamba ni wa ukoo wao.

Msaada uliofuata nao ukafuata njia ile ile. Walioshuka wakiwa wazima walizikwa baada ya miezi. Mmoja wa merikebu za msaada wa mwaka huo, Santo António de Tanna, ulizama mbele ya ngome, na wazamiaji waliuchimbua katika miaka ya 1970, ndiyo maana vyombo vyake vinaonekana leo katika makumbusho ya ngome. Wageni huvipiga picha kama ushahidi wa vita. Mimi huviona kama ushahidi wa kazi ya bure: kupeleka watu kwa bahari kutoka Bara Hindi ili wakanywe maji ya birika lile lile. Tarehe 13 Disemba 1698 Waomani waliingia. Siku chache baadaye merikebu nyingine kutoka Goa zikatokea, zikaona bendera ya Imamu inapepea, zikageuza.

Naomba nisieleweke kwamba naudunisha ushujaa wa waliozingira. Kuzingira miezi thelathini na mitatu ni kazi. Lakini wao walikuwa na kitu ambacho wa ndani hawakuwa nacho, yaani nafasi. Walikuwa na kisiwa kizima, visima zaidi ya kimoja, mboga, samaki, na vyombo vilivyoweza kuleta watu wapya kutoka Oman kwa upepo wa kaskazi. Aliyeugua aliweza kuondolewa. Kambi iliyochafuka iliweza kuhamishwa. Ushindi wa Mombasa, ambao ndio uliofungua mlango wa utawala wa Oman hapa Unguja na hata kuijenga Ngome Kongwe tunayoizoea pale Forodhani, ulikuwa kwa sehemu kubwa ushindi wa waliopata pa kujisaidia juu ya wasiopata.

Najua sentensi hiyo itawachukiza baadhi ya wasomaji. Basi tufanye hesabu, maana bila ya hesabu huonekana mzaha.

Mtu mzima anayekula nafaka hutoa choo kikubwa cha kiasi cha robo kilo kwa siku, wakati mwingine pungufu kidogo. Tuseme gramu mia mbili. Watu elfu moja watatoa kilo mia mbili kwa siku, na kwa siku elfu moja, ambazo ndizo takriban miezi thelathini na mitatu, tani mia mbili. Hatujahesabu mkojo, wala wanyama, wala maiti. Katika kijiji chenye watu elfu, uchafu huo hutawanyika mashambani na juani. Katika ngome au kambi hurundikana hatua chache kutoka jikoni.

Kisha anakuja nzi. Katika joto la pwani yetu, yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Maana yake ni kwamba jeshi linalolala mahali usiku mmoja na kuendelea na safari huwaachia nzi wengine mali yao. Jeshi linalokaa zaidi ya siku kumi hufuga nzi wake lenyewe. Ndiyo sababu majeshi ya zamani yalikuwa na afya yakiwa njiani na yakafa yakiwa yamekaa, jambo ambalo makamanda wengi waliliona kwa macho na wakalitafsiri vibaya. Walidhani askari akikaa bila ya kupigana hulegea roho. Kumbe alikuwa anakula kinyesi cha mwenzake kilicholetwa kwa miguu sita.

Kuhara damu ndiko kulikokuwa mfalme wa kambi. Vidudu vyake vina ubaya mmoja wa pekee: vichache sana vyatosha kumuuguza mtu, pengine kumi, pengine mia. Kipindupindu huhitaji vidudu vingi, na kwa kawaida hupita katika maji. Kuhara damu hutosheka na mguu wa nzi, kidole kisichooshwa, kata ya maji iliyoshikwa na mgonjwa. Homa ya matumbo nayo ina hila yake. Aliyepona aweza kuendelea kuvitoa vidudu kwa wiki nyingi, na wachache huvitoa kwa miaka, naye anajiona mzima na anapewa kazi ya jikoni kwa sababu bado hana nguvu za kupigana. Hebu fikiri uamuzi huo, jinsi unavyoonekana wa huruma na wa busara.

Waislamu wa mwanzo walilijua sehemu ya jambo hili kwa njia ya msiba. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, jeshi lililokuwa Sham lilipatwa na tauni ya Amwas. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda huko, akafika Sargh, akapewa habari, akashauriana na watu, akarudi. Na alipohojiwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Abu Ubayda aliyekuwa amiri wa jeshi akafa, na Muadh bin Jabal aliyemfuata naye akafa. Alipokabidhiwa Amr bin al-Aas, wanahistoria wanasimulia kwamba aliwaamrisha watu watawanyike milimani. Tauni ikaondoka. Masheikh wetu huisimulia habari hii kwa upande wa imani ya kadari, na ni haki yao. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi upande wake wa kijeshi: amiri wa tatu hakuwa na dawa bora kuliko wale wawili waliomtangulia. Alichofanya ni kuivunja kambi.

Kutoka hapo mpaka karne ya kumi na tisa, maendeleo yalikuwa ya kobe. Daktari wa jeshi la Uingereza John Pringle alichapisha kitabu mwaka 1752 akieleza kwamba vyoo vichimbwe, mahema yapitishe hewa, kambi ihamishwe ikichafuka. Alikuwa na makosa mengi kuhusu sababu, akiamini ni harufu mbaya ndiyo iuayo, lakini aliyoyaamrisha yalikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba daktari hakuwa na amri. Kapteni aliyeona choo kiko mbali mno na hema yake aliweza kukisogeza, na daktari hakuwa na la kumfanya. Miaka mia moja baadaye, katika vita vya Krimea, Waingereza walipoteza takriban watu 21,000, na kiasi cha 16,000 katika hao walikufa kwa maradhi. Hospitali yao ya Skutari ilikuwa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Mwezi wa Februari 1855 walikuwa wakifa takriban 42 katika kila wagonjwa mia. Mwezi wa Machi ikaja tume ya usafi, ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikapitisha hewa madirishani. Kufikia Juni wakawa wanakufa wawili katika mia. Dawa zilikuwa zile zile.

Mtu angedhani somo hilo lilikwisha. Mwaka 1900, huko Afrika Kusini, jeshi lile lile lilikunywa maji ya mto uliojaa mizoga ya farasi pale Paardeberg, kisha likaingia Bloemfontein na homa ya matumbo. Vita vile vilipomalizika, waliokufa kwa maradhi walikuwa zaidi ya 13,000 katika 22,000 hivi. Elimu ilikuwepo vitabuni, hata chanjo ya homa ya matumbo ilikuwepo, ila askari wengi hawakuchanjwa. Baada ya aibu hiyo ndipo mambo yakageuka kweli: vikosi maalumu vya usafi, mapipa ya maji yaliyotiwa klorini, vyoo vyenye ulinzi, afisa anayeadhibiwa kwa uchafu wa watu wake. Vita vya 1914 vilipofika, majeshi ya Ulaya Magharibi yalikaa ndani ya mahandaki miaka minne, katika matope, na risasi na mizinga ndiyo iliyoua wengi kuliko maradhi. Hilo ni jambo kubwa mno katika historia ya vita.

Lakini sisi hatukuwa Ulaya Magharibi.

Katika miaka hiyo hiyo, chini ya jeshi la dola hiyo hiyo lenye vitabu hivyo hivyo, vita vilivyopiganwa Tanganyika vilikuwa vita vya zama za Ngome ya Yesu. Kikosi cha Tisa cha Askari wa Miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba wenye afya ya kusimama kazini walikuwa 116, na mapigano yao yalikuwa machache. Kwa mwaka huo, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa na silaha ya adui, zaidi ya thelathini waliondolewa na maradhi. Jenerali Smuts akalazimika kuwarudisha kwao wazungu wa Afrika Kusini kwa maelfu.

Hao angalau walihesabiwa mmoja mmoja. Waliobeba mizigo walihesabiwa kwa makadirio. Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo lilipo fungu letu. Ndorobo iliwaua wanyama wa mizigo, farasi, nyumbu na ng'ombe, wakalala njiani kwa maelfu. Ikabaki kichwa cha binadamu. Na kichwa cha binadamu kina hesabu yake ya kikatili.

Mpagazi hubeba ratili hamsini. Yeye mwenyewe hula ratili mbili kwa siku. Tuseme askari wako mwendo wa siku kumi kutoka mwisho wa reli. Mpagazi atakula ratili ishirini akienda na ishirini akirudi. Katika mzigo wake wa hamsini, atakabidhi kumi tu. Sasa askari elfu moja wanahitaji ratili elfu mbili kila siku, kwa hiyo lazima wapagazi mia mbili wafike kila siku ya Mungu. Kila mmoja anatumia siku ishirini kwenda na kurudi. Mia mbili mara ishirini ni elfu nne. Ili askari elfu wale, wapagazi elfu nne wawe njiani siku zote, na bado hatujabeba risasi hata moja, wala dawa, wala blanketi. Afisa aliyekaa na karatasi usiku akaiona hesabu hii ana mambo mawili ya kufanya: apunguze askari, au apunguze chakula cha mpagazi. Msomaji anajua kilichopunguzwa.

Na tazama lile lililofichika ndani ya hesabu hiyo. Njia ile ile, vituo vile vile, mabwawa yale yale sasa yanatumiwa na watu elfu tano badala ya elfu moja. Kila kituo cha kulala kimelaliwa jana na mia mbili wengine na juzi na mia mbili wengine. Hakihamishiki. Ni kambi inayokaa zaidi ya siku kumi, ingawa kila mtu aliyemo anasafiri.

Chakula chenyewe kilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Watu walitoka sehemu za ndizi, sehemu za wali, sehemu za mtama. Walifika kituoni magharibi, wameloa, kuni mbichi, sufuria moja kwa kundi zima, na usingizi unawapiga. Unga ukatiwa maji, ukachemka nusu, ukaliwa. Unga mbichi wenye chenga huyakwaruza matumbo, na tumbo lililokwisha kukwaruzwa ni mlango wazi kwa kuhara damu. Madaktari wa jeshi waliliona jambo hili na waliliandika. Palipowekwa wapishi waliotangulia mbele, unga ukasagwa vizuri, mtu akakuta chakula kimeiva na akapewa blanketi, vifo vilipungua. Haikuhitaji uvumbuzi wowote. Ilihitaji mtu aamini kwamba mpagazi naye ni sehemu ya jeshi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona kwamba walikuwa wengi zaidi ya hapo. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Jina la kikosi chao, kwa Kiingereza, tumeligeuza wenyewe likawa Kariakoo, nasi tunakwenda kununua vitunguu na vitenge hapo.

Unguja nayo ilitoa wapagazi. Ndugu ya babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Katika familia yetu husemwa kwamba "alikwenda na Kariakoa akafa tumbo". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kejeli, kama mtu aliyekufa kwa ulafi. Bibi alikuwa akilisema kwa sauti ya chini, kama asemaye aibu ya nyumba. Mtu aliyekufa kwa risasi angekuwa shahidi au shujaa. Aliyekufa tumbo hakuwa na hadithi.

Nimesema nina sababu ya binafsi, na hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili ni hii. Nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa nilipelekwa kambi moja ya mafunzo ya vijana, ambayo sitaitaja. Tulikuwa zaidi ya mia tatu. Choo kilichimbwa upande wa juu wa kisima, kwa sababu upande ule ardhi ilikuwa laini kuchimba. Wiki ya pili nzi walijaa jikoni kiasi cha kuwafukuza kwa kitambaa ili uone wali. Wiki ya tatu foleni ya wagonjwa asubuhi ilikuwa ndefu kuliko mstari wa gwaride. Tuliambiwa tunajifanya. Mwenzangu wa kitanda cha pili, kijana wa Makunduchi mcheshi asiyekaa kimya, alipelekwa hospitali siku ya tatu akiwa amebebwa katika blanketi. Hakurudi. Tulipewa siku moja ya mapumziko kwa ajili ya maziko.

Aliyetuokoa tuliobaki alikuwa koplo mmoja mtu mzima, aliyepigana Uganda katika vita vya 1979. Hakuwa na cheo cha kuamrisha lolote, lakini siku ile baada ya maziko aliamrisha, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Choo cha zamani kikafukiwa na kutiwa alama. Kipya kikachimbwa upande wa chini wa kisima na wa chini wa upepo, mbali na jiko kiasi cha kiwanja cha mpira, chembamba na kirefu kwenda chini, kina cha kumzidi mtu. Kando yake rundo la udongo na jivu, na kila aliyetoka alifukia, na palikuwa na zamu ya mtu wa kusimama kuhakikisha amefukia. Zamu hiyo tuliichukia kuliko zote. Karibu na mlango wa jiko pakawekwa debe la maji lenye tundu lililozibwa kwa kijiti, na jivu, na asiyeosha mikono hakupewa sahani. Maji ya kunywa yalichemshwa jioni yakapoa usiku. Waliougua, hata waliopona, walitolewa jikoni.

Nilimwuliza alijuaje. Akasema, "Mwanangu, kule mbele sikuhesabu bunduki za adui. Nilikuwa nahesabu nzi." Kisha akanieleza kipimo chake. Asubuhi alihesabu wangapi wamesimama katika foleni ya wagonjwa, na adhuhuri akasimama jikoni akatazama meza. Nzi wakipungua leo, foleni itapungua baada ya siku nne au tano, haitapungua kesho, kwa sababu waliokwisha kumeza wameshameza. Kwa hiyo mkubwa asiye na subira ataona siku mbili hakuna mabadiliko na ataacha. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na aliyelieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Siku ya sita foleni yetu ilikuwa ya watu saba.

Nyumba yangu haiko mbali na chemchem ambayo Sayyid Barghash aliyachukua maji yake na kuyapeleka mjini kwa mfereji. Alipokuwa kijana alikuwa amehamishiwa Bombay baada ya fitina ya 1859, na aliona huko mji unavyoishi. Alipoingia kwenye kiti mwaka 1870 alikuta mji uliotoka kuzikwa: kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikishuhudia na kukiandikia kitabu, kilipita nyumba kwa nyumba katika mji uliokuwa unakunywa visima vilivyochimbwa baina ya makaro. Mji Mkongwe ulikuwa kambi iliyokaa zaidi ya siku kumi. Ulikaa hivyo miaka mingi.

Wiki iliyopita mvua kubwa zilifurisha karo la jirani na maji yakapita njiani mpaka karibu na bomba la mtaa. Nilitoka kumwita jirani, tukasimama wawili tukitazama. Alisema, "Mwalimu, yatakauka tu." Nikaenda nyumbani nikachukua koleo na gunia la jivu. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini nahesabu kitu nikiwa nimesimama pale bombani, midomo inachezacheza. Nikamwambia aje ahesabu na yeye.